Herufi zenye ukungu kwenye picha za pikseli: dalili, chanzo na dawa

Tuchukue kitufe kimoja cha mchezo, tukifuate mpaka mwisho. Kina upana wa pikseli 32 na kimo cha pikseli 12. Kimeandikwa PLAY, na mwenye mchezo anataka kisomeke CHEZA. Paleti yake ina rangi nne tu: namba 0 ni uwazi, namba 1 ni buluu nzito ya fremu na kivuli, namba 2 ni kijani cha mwili wa kitufe, namba 3 ni nyeupe ya herufi. Fremu ina unene wa pikseli moja. Kila herufi ina upana wa pikseli 5 na kimo cha 7, na nyuma yake kuna kivuli kilichosogea pikseli moja kulia na moja chini.

Kazi ya dakika kumi, mtu angesema. Lakini karibu kila faili ninayoletewa nirekebishe imeharibika kwa mojawapo ya njia zilizo hapa chini. Kabla ya kujaribu lolote, weka kando nakala ya faili ya asili ambayo haijaguswa. Utaihitaji zaidi ya mara moja.

## "Picha nzima ina ukungu, siyo herufi tu"

Mara nyingi faili ni nzima kabisa, kinachokudanganya ni programu unayoitazamia. Vitazamaji vingi vya picha na vivinjari hulainisha picha ndogo inapokuzwa, kwa sababu vimetengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Ifungue faili kwenye GIMP au Aseprite, ikuze hadi asilimia 800, utazame ukingo wa fremu. Ukiona miraba safi, faili haina ugonjwa, basi usiiguse. Kama kitufe kitaonyeshwa kwenye ukurasa wa wavuti, dawa ni mstari mmoja wa mtindo:

```
image-rendering: pixelated;
```

Ikiwa miraba yenyewe imechafuka, na kuna vidoadoa vya rangi karibu na kila ukingo hata mahali ambapo hukugusa, uliza kama faili ilipitia JPEG. Huenda mtu aliihifadhi hivyo mara moja tu, au aliituma kwa programu ya ujumbe inayobana picha. JPEG huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukisia kilichomo, na makali ya herufi ndiyo ya kwanza kupotea. Kuibadilisha tena kuwa PNG hakurudishi kitu, unahifadhi uchafu uleule kwenye chombo kisafi. Rudi kwenye faili ya asili.

## "Herufi nilizoandika mimi tu ndizo zenye ukungu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kwa kawaida chanzo chake ni kisanduku kimoja kilichoachwa na tiki. Zana ya maandishi hulainisha kingo: pale mstari wa herufi unapopita katikati ya pikseli, programu huweka rangi ya kati, nusu nyeupe na nusu kijani. Kwenye barua hilo linapendeza. Kwenye herufi yenye kimo cha pikseli 7 unapata uji. Katika GIMP chagua zana ya maandishi, kisha kwenye chaguo zake ondoa tiki ya `Antialiasing`. Katika Aseprite angalia chaguo lenye jina linalofanana na hilo unapochagua fonti.

Hapa kuna mtego unaowachanganya hata waliozoea. Kama picha iko katika hali ya rangi chache (`Image > Mode > Indexed`), ulainishaji hauongezi rangi mpya, kwa kuwa paleti hairuhusu. Kila rangi ya kati husukumwa kwenye rangi iliyo karibu nayo kati ya zile nne. Ukihesabu rangi unapata nne, unaridhika, kumbe herufi zimevimba upande mmoja na kuliwa upande mwingine. Kwa hiyo hesabu ya rangi peke yake haitoshi kukuambia kuwa kazi ni safi.

Kama ulainishaji umezimwa na herufi bado zimepinda, chanzo cha pili ni ukubwa wa fonti. Fonti ya pikseli huchorwa kwa kimo kimoja maalumu, tuseme 8, na hukaa sawa kwenye ukubwa huo au mara mbili yake au mara tatu. Ukiiweka 10, kila mstari unadondokea kati ya pikseli mbili na programu inalazimika kubahatisha. Hakikisha pia kipimo kimewekwa kwa pikseli (`px`), siyo pointi.

Chanzo cha tatu ni brashi. Katika GIMP, Paintbrush hulainisha ukingo hata ukiipunguza hadi pikseli moja. Tumia Pencil. Kifutio nacho kina kisanduku cha `Hard edge`, kiwekee tiki.

Sasa niseme ninavyofanya mwenyewe. Kwa neno lisilozidi herufi kumi, situmii fonti kabisa. Nachora kwa penseli, pikseli baada ya pikseli, kwa sababu ni haraka kuliko kuitafuta fonti inayofanana na ile ya mchoraji wa kwanza.

Tuanze na hesabu ya nafasi, maana ndiyo inayowaponza wengi. Ndani ya fremu kuna pikseli 30 kwa 10. PLAY ilichukua herufi 4 za pikseli 5, nafasi 3 za pikseli moja, na pikseli moja ya kivuli: jumla 24. Ilibaki 3 kila upande. CHEZA kwa herufi hizohizo inataka 25, jumlisha nafasi 4, jumlisha kivuli 1, yaani 30 kamili. Inaingia, lakini herufi ya kwanza inagusa fremu upande wa kushoto na kivuli cha mwisho kinayeyukia kwenye fremu upande wa kulia, kwa sababu rangi yao ni moja. Mtu akifika hapo hushawishika kulichagua neno zima na kulibana hadi litoshe. Usithubutu. Kubana pikseli 30 ziwe 26 maana yake ni kufuta safu 4, na programu haijui ni safu zipi zinazobeba umbo la herufi.

Badala yake, chora upya kwa upana wa pikseli 4. Jumla inakuwa 20, nafasi 4, kivuli 1: 25. Zinabaki 5, ambazo hazigawanyiki sawa, kwa hiyo weka 2 kushoto na 3 kulia. Kivuli kinalivuta neno upande wa kulia kwa jicho, hivyo nafasi ya ziada ikae huko. Kila # hapa ni pikseli moja nyeupe:

```
.##..#..#.####.####..##.
#..#.#..#.#.......#.#..#
#....#..#.#.......#.#..#
#....####.###....#..####
#....#..#.#.....#...#..#
#..#.#..#.#....#....#..#
.##..#..#.####.####.#..#
```

Usijaribu kuiokoa A ya PLAY. Ile ilikuwa na upana wa 5 na kilele cha pikseli moja katikati. Herufi yenye upana wa 4 haina katikati, ndiyo maana kilele chake ni pikseli mbili. Ukichanganya A ya zamani na H mpya, jicho litaona kasoro hata kama mtazamaji hawezi kuitaja. Angalia pia Z: kuanzia mstari wa tatu, mshazari wake unasogea hatua moja kushoto kwa kila mstari, bila pikseli ya kijivu ya kulainisha ngazi. Kwa ukubwa huu ngazi hiyo ndiyo inayosomeka kama mshazari.

Ukihesabu kutoka sifuri, safu ya kwanza ya C inakaa kwenye x = 3 na mstari wake wa juu kwenye y = 2. Kwa kivuli, nakili umbo lote, lijaze rangi namba 1, lisogeze pikseli moja kulia na moja chini, kisha liweke chini ya nyeupe. Lisogeze kwa vitufe vya mishale, siyo kwa kipanya.

Ukimaliza, kagua kwa ImageMagick:

```
magick cheza.png -format %c histogram:info:
```

Amri hii huorodhesha kila rangi pamoja na idadi ya pikseli zake. Umbo hilo hapo juu lina pikseli nyeupe 71. Ukipata 71 na rangi nne, herufi ziko sawa. Ukipata 71 na rangi 19, kuna ukungu mahali. Ukipata rangi nne lakini nyeupe ni 84, umeanguka kwenye ule mtego wa paleti.

## "Mabaki ya neno la zamani bado yanaonekana"

Umemwaga kijani juu ya PLAY kwa ndoo ya rangi, ukiangalia vizuri unaona kivuli cha P kama jasho kwenye shati. Ndoo hujaza pikseli zinazofanana na ile uliyobofya na kuruka nyingine, kwa hiyo kivuli cha buluu kilibaki pale nyeupe ilipoondoka. Njia rahisi ni kutoitumia kabisa. Chagua mstatili wa ndani wa kitufe, pikseli 30 kwa 10, ujaze wote rangi namba 2. Kama ni lazima utumie ndoo, weka `Threshold` iwe 0 na uzime `Antialiasing` yake.

Ugumu huanza pale mandhari ya nyuma si rangi moja. Michoro mingi ya paleti ndogo hutengeneza rangi ya tatu kwa kupanga pikseli za rangi mbili kama ubao wa drafti. Hapo huwezi kujaza, inabidi unakili kipande kisichokuwa na maandishi na kukibandika juu ya neno la zamani. Kanuni ni kuheshimu mzunguko wa mchoro. Ubao wa drafti hujirudia kila pikseli 2, kwa hiyo sogeza kipande kwa 2, 4 au 6. Ukikisogeza kwa 3, pale vipande vinapokutana utaona pikseli mbili za rangi moja zikigusana ubavu, na mshono huo utaonekana kutoka mbali kuliko ulivyotarajia.

## "Kitufe kina mzingo mweupe kikiwekwa juu ya giza"

Hili lilinipata mwenyewe. Nilifuta pembe za kitufe kwa kifutio laini, nikakitazama juu ya mandhari meupe, nikakiona kiko safi, nikakikabidhi. Kilipowekwa kwenye ukurasa wa usiku wa mchezo, kila pembe ilikuwa na taa hafifu. Pikseli zile hazikuwa wazi wala hazikuwa zimejaa, zilikuwa na uwazi nusu.

Weka tabaka la muda chini ya kitufe, ulijaze rangi kali ambayo haimo kwenye paleti, kama zambarau ya kung'aa, kisha tazama. Pikseli zenye uwazi nusu zitajitangaza zenyewe. Kama ni chache, zipige kwa penseli au zifute kwa kifutio chenye ukingo mgumu. Kama ni nyingi:

```
magick cheza.png -channel A -threshold 50% +channel safi.png
```

Kila pikseli italazimika kuwa wazi kabisa au kujaa kabisa. Hilo hurekebisha uwazi tu. Rangi ya pikseli iliyobaki inaweza kuwa ile ya kati, kwa hiyo rudia orodha ya rangi baada ya hapo.

## "Pikseli za herufi hazilingani na za kitufe"

Kabla ya kuandika chochote, angalia ukubwa wa faili. Ukiletewa kitufe hiki kikiwa 128 kwa 48, kimekuzwa mara 4, na kila "pikseli" unayoiona ni mraba wa pikseli 16. Ukichora juu yake kwa penseli ya pikseli moja, herufi zako zitakuwa na unyoya mwembamba kando ya matofali. Kipunguze kwanza, hariri kikiwa 32 kwa 12, halafu kikuze tena mara 4. Katika GIMP, kwenye `Scale Image`, weka `Interpolation` iwe `None` kwa safari zote mbili.

Kesi mbaya zaidi ni pale aliyekuza alitumia namba isiyo kamili. Faili ya 120 kwa 45 ni mara 3.75, kwa hiyo matofali mengine yana upana wa 4 na mengine 3. Utambuzi wake ni rahisi: herufi mbili zilizo sawa zina miguu ya unene tofauti. Alimradi hakukuwa na ulainishaji wakati wa kukuza, umbo la asili bado limo ndani:

```
magick kubwa.png -sample 32x12 ndogo.png
```

`-sample` huchukua pikseli moja katikati ya kila tofali bila kuchanganya rangi. Kama ulainishaji ulikuwepo, fuatisha na kuzirudisha rangi kwenye paleti ya asili:

```
magick ndogo.png +dither -remap asili.png tayari.png
```

Usisahau `+dither`. Ukiiacha, programu inaweza kunyunyiza vidoa ili kuigiza rangi zilizokosekana, na utarudi kuuliza kwa nini herufi zina upele. Hata ikienda vizuri, tarajia kusahihisha pikseli kadhaa kwa mkono. Na soma dalili inayofuata kabla ya kuipeleka faili hiyo mchezoni.

## "Kwenye kompyuta yangu iko sawa, mchezoni rangi zimeruka"

Kitufe kinatokea cha buluu chenye fremu ya kijani, au herufi zimetoboka na unaona mandhari kupitia kwake. Hapa ukungu haupo. Tatizo ni namba.

Picha ya paleti haihifadhi rangi ndani ya pikseli. Huhifadhi namba, na paleti ndiyo inayosema namba 1 ni buluu. Baadhi ya michezo huitupa paleti ya faili na kutumia ya kwake, kwa mfano ili kitufe kibadilike rangi kinapobonyezwa. Mchezo wa aina hiyo unajali namba peke yake. Ukiibadilisha picha kuwa RGB, ukaandika, ukairudisha kwenye rangi chache, programu hutengeneza paleti upya kwa mpangilio wake. Kwa macho hakuna tofauti, kwa mchezo kila kitu kimehama. ImageMagick haikuahidi kutunza mpangilio huo, na programu za kupunguza ukubwa wa PNG huweza kuupanga upya bila kukuuliza.

Fungua faili ya asili na yako, linganisha kidirisha cha `Colormap` cha kila moja, namba kwa namba. Zikipishana, usihangaike kuzipanga upya. Fungua faili ya asili, nakili mchoro wako, ubandike humo, kisha hifadhi kwa jina jipya. Rangi zitajipanga kwenye namba za asili.

Kuna hali moja ambayo ujanja huo unashindwa: paleti yenye rangi ileile mara mbili. Ni kawaida kukuta namba 0 ni nyeusi ya uwazi na namba 3 ni nyeusi ya kuchorea. Ukibandika, programu huchagua mojawapo, na ikichagua 0, mistari yako inageuka mashimo. Hapo chora upya pikseli hizo baada ya kuichagua rangi kwa kubofya namba yake kwenye paleti. Usiiokote moja kwa moja kutoka kwenye picha.

## Hapa simama, mwite mwenye ujuzi

Kwenye mashine za zamani za michezo, "picha" ya kitufe mara nyingi haipo. Kuna vigae vya pikseli 8 kwa 8 na orodha inayosema kigae gani kikae wapi. Ukibadilisha kigae chenye P hapo, P imebadilika kwenye kila ukurasa wa mchezo unaokitumia. Dalili yake ni herufi geni kuzuka kwenye menyu ambayo hukuigusa. Kuongeza herufi kunataka nafasi huru ya vigae na kuhariri hiyo orodha, na hiyo ni kazi ya mtu anayeijua mashine husika.

Simama pia ikiwa PNG yako ni safi, umeikagua na 71 zako zipo, lakini ndani ya mchezo makali yamechafuka katika vipande vya pikseli 4 kwa 4. Hapo injini ya mchezo inazibana picha inapoziingiza, na hakuna penseli itakayoshinda hilo. Mpelekee anayeshughulikia injini, umwambie mambo mawili: azime ubanaji kwa picha hii, na aweke uchujaji uwe wa pikseli ya karibu.

Na kama kilichobaki duniani ni JPEG peke yake ya kitufe, usimpe mteja matumaini ya "kusafisha". Mwambie kitachorwa upya. Kwa pikseli 384, mchoraji mzoefu atakimaliza kabla wewe hujamaliza kutafuta kichujio cha kukisafisha.